Habari Yako, Nukta

Mwalimu mmoja mstaafu wa Nabuyoga, kule Tororo, alipewa namba yangu na jamaa aliyejua kwamba nanunua karanga hapa Busia, upande wa Kenya. Ujumbe wake wa kwanza ulikuwa maneno mawili tu: “Habari yako.” Kijana anayenisaidia dukani aliusoma, akanirudishia simu. “Huyu mzee tumemkosea nini?” Nikamwambia hata sura yake hatuijui. “Sasa mbona ameweka nukta?”

Mzee alifika na magunia yake kwenye bodaboda, akacheka, akanishika mkono asiuachie, akauliza watoto, mama, mvua na mahindi kabla ya kugusia bei. Huyo ndiye tuliyemwogopa usiku kucha. Amesahihisha madaftari maisha yake yote. Kwake sentensi isiyo na nukta ni mtu aliyetoka nyumbani bila kufunga vifungo. Kijana wangu naye amejifunzia kuandika kwenye simu. Huko ukishabonyeza kutuma, ujumbe umekwisha wenyewe, kwa hiyo atakayeongeza nukta ana lake jambo.

Wala si kijana wangu peke yake. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Binghamton, Marekani, waliwapa wanafunzi 126 mialiko na majibu ya neno moja wasome, utafiti wao ukatangazwa mwaka 2015. Majibu ya simu yaliyofungwa kwa nukta yalionekana hayajatoka moyoni. Majibu yaleyale yakiwa kwenye karatasi, yameandikwa kwa mkono, nukta haikumsumbua mtu. Nukta basi haina ubaridi wake yenyewe, inaupata kwenye ujumbe mfupi wa simu. Mwalimu angeandika mistari mitatu yenye nukta tatu, tungelala usingizi.

Lakini mistari nayo ina kiwango. “Habari za siku nyingi ndugu yangu mpendwa, natumaini wewe na familia yote hamjambo, nilikuota juzi” si salamu. Huo ni mkopo uliovaa nguo za sherehe. Hapa mpakani tunaujua kwa urefu wake, na mwenye busara huacha hadi kesho ndipo aufungue. Alama za kuuliza ndizo zinazotoza riba: “Habari?” ni ya jirani, “Habari???” ni ya anayekudai.

Basi watu wakaja na emoji, zipooze mambo. Mama mmoja anayeniletea ufuta hupenda kuanza asubuhi na moyo mwekundu, peke yake, bila neno. Kwenye WhatsApp moyo wa namna hiyo hujitokeza mkubwa, tena unadunda. Uliwahi kudunda mezani, mbele ya mke wangu, na ilinibidi nimwonyeshe risiti za ufuta za miezi miwili.

Kwa shangazi yangu, naye wa hukohuko Nabuyoga, kizaazaa kilikuwa kingine. Simu yake ni ile ya vibonye yenye tochi, wao huiita katochi, sisi mulika mwizi. Binti yangu alimtumia meseji ya kawaida, salamu yake ya kwanza kwa simu mpya: amemsalimia vizuri, ameuliza mpaka kuku, akamalizia na maua manne. Katochi haijui maua. Shangazi aliona miraba minne mitupu, akampelekea mtoto wa jirani amsomee, naye akasema waziwazi: “Ni masanduku, nyanya.”

Na maua hayo yaligharimu. Meseji ya herufi za kawaida hubeba herufi 160. Ukitia emoji moja tu, ujumbe mzima huhamia mfumo mwingine wa herufi ambao meseji moja hubeba 70, na ukizidi hapo hukatwa vipande vya 67. Salamu ya binti ilikaribia herufi 150, meseji moja na chenji. Kwa ajili ya maua ikawa tatu, kila moja na bei yake, tena ya kuvuka mpaka. Hata bila maua mtu anaweza kunaswa: simu za kisasa hupenda kuipinda ile alama ya juu katika “ng’ombe”, na iliyopinda haimo katika herufi zile za kawaida. Ulizia ng’ombe wa mtu kwa adabu, utalipia.

Asubuhi shangazi alinibipu, nikampigia.

“Hayo masanduku manne ya mtoto, yanakuja na basi gani? Nimeshafagia chumba.”

Nikamweleza kwamba ni maua, Shangazi, ya kukusalimia tu.

“Maua,” akasema. Akanyamaza kidogo. “Basi mwambie salamu zimefika. Na sukari, hiyo simu yenu inaweza kuituma?”