Jinsi ya Kuandika Barua Itakayofungia Maandazi

Ukitaka barua yako ya kuomba kazi iishie kufungia maandazi sokoni Ipinda, usiandike mpya. Nenda steshenari yoyote Kyela mjini, mwambie kijana wa kompyuta akufungulie ile ile inayoombea watu kazi miaka yote: "Husika na kichwa cha habari hapo juu", kisha Mtanzania mwenye afya njema, mchapakazi, mwaminifu, asiyehitaji kusimamiwa. Badilisha jina tu. Kama kwenye anwani pamebaki Mkurugenzi wa Tukuyu, mwache hapo hapo, si majirani?

Tuseme chama cha msingi cha wakulima wa kakao kimebandika tangazo la karani wa ghala. Kinataka cheti cha kidato cha nne, uzoefu wa kutunza kumbukumbu za mazao, uaminifu, na kujua Ekseli. Usilisome. Usije ukafanya kama binti mmoja wa kubuni, mharibifu wa utaratibu, ambaye hulinakili kwenye daftari, sifa moja moja, na mbele ya kila sifa huandika ni wapi alipoifanyia kazi.

Cheti anakitaja kwa mstari mmoja na kuambatisha nakala. Kwenye kumbukumbu za mazao ndipo anapokaa. Hajawahi kugusa kakao ya ghalani, ila misimu miwili alishika daftari kwenye mashine ya kukoboa mpunga. Wewe ungeandika "nina uzoefu mkubwa". Yeye anaandika: "Nilipima kila gunia likiingia, nikapima mchele ukitoka, na jioni nikalinganisha kilo na fedha. Siku moja mpunga kilo 100 ulitoa mchele kilo 50 tu, wakati kwa kawaida tulipata zaidi ya 60. Nilimwita fundi, akakuta mashine inavunja punje na kuzitupa na pumba." Kisha anaongeza kwamba kakao nayo hupimwa mbele ya mkulima, na kilo zikiandikwa vibaya, malipo ya baada ya mnada nayo yatakuwa mabaya. Katibu wa chama akifika hapo anaacha kupiga miayo, jambo ambalo wewe hulitaki.

Na uaminifu? Neno lenyewe hata halitumii. Anasema tu kwamba fedha alizikabidhi kila jioni kwa saini mbili, na mwenye mashine ndiye mdhamini wake. Namba ya simu hii hapa.

Penye Ekseli hana cha kujivunia, naye hapafichi: "Najumlisha safu na kupanga orodha ya majina, zaidi ya hapo bado najifunza." Sifa kama hiyo huvumilika ikipungua kidogo. Lakini cheti kingekosekana, hadithi ya mpunga isingemsaidia, na asingepoteza nauli ya bodaboda kupeleka barua.

Wewe uliyejiandika mtaalamu wa kompyuta, omba umeme ukatike siku ya usaili.