Shemeji na Viatu vya Namba 40

Ukitaka kuona binadamu anavyoweza kujitesa bila kulazimishwa na mtu, njoo ukae nami Jumamosi moja kwenye dirisha la viatu vya kukodi, katika ukumbi wa kupanda ukuta hapa Nairobi. Mtu mzima mwenye ajira na familia, aliyevaa namba 43 tangu amalize kukua, ananiinamia dirishani na kuniomba namba 40. Ukimuuliza kwa nini, anakujibu kama aliyeapishwa: kiatu cha kupandia kisipouma, si kiatu.

Wateja wa namna hiyo nimewazoea. Sikutarajia tu kwamba mmoja wao angetoka kwetu Mara, akiwa amekuja na viatu vyake mwenyewe.

Shemeji yangu ni mtu wa Bunda. Sifa yake kubwa mtaani ni kwamba belo la mitumba halifunguliwi bila yeye kuwa mbele. Safari hii belo lilitoa viatu vya ajabu: vyeusi, soli ya mpira hadi juu ya vidole, mikanda miwili ya kubandika, na ncha iliyopinda kwenda chini mithili ya ukucha wa mwewe. Muuzaji mwenyewe hakujua ni vya nini. Shemeji alijua, kwa sababu nilishamsimulia kazi yangu. Akapiga simu usiku huohuo. "Shem, nimepata vyenyewe. Vya mabingwa. Namba 40, lakini vitaachia."

Nikamkumbusha kwamba yeye anavaa 43.

"Mwanaume wa Mara hatishwi na kiatu," akasema, na mazungumzo yakaishia hapo.

Mawe kwetu si haba. Pale Musoma majabali yameshuka mpaka ufukweni Matvilla, na Butiama mtoto anajifunza kupanda mawe kabla hajajifunza kuandika. Lakini ukuta wa ndani, wenye vishikio vya plastiki vya kila rangi na kamba ya kukushikilia usianguke, ilimbidi avuke mpaka kuufuata. Akapanda basi akiwa na mjomba wetu wa Butiama, mwalimu mstaafu, aliyekuwa anakuja Nairobi kuona mjukuu na hakuwa na habari yoyote na ukuta.

Baada ya Sirari shemeji akapata wazo. Kwa kuwa safari ni ndefu, avivae viatu humo humo kwenye basi ili vizoee mguu. Mguu wa mtu aliyekaa kwenye kiti saa nyingi huvimba, na ndiyo maana tunashauri viatu hivi vijaribiwe jioni, mguu ukiwa umeshatanuka, wala si asubuhi ukiwa bado mwembamba. Walipokaribia Narok vidole vilikuwa vimekufa ganzi. Mikanda ilifunguka lakini viatu havikutoka. Kwa maelezo ya mjomba, kondakta alishika kiatu, abiria mmoja akamshika shemeji kwapani, na mama wa kiti cha mbele akaanza kuomba kwa sauti.

Walipofika nilivichunguza vile viatu. Vilikuwa vizuri kweli, mpira bado mzito, mshono haujaachia. Nikamwonyesha kibandiko cha ndani, kile chenye vialama. Ngozi ya mnyama iliyotandazwa maana yake kiatu ni cha ngozi. Wavu ni kitambaa. Umbo la almasi ni malighafi nyingine, yaani sintetiki. Shemeji alikuwa ameiona almasi tangu Bunda, akaichukua kuwa ni daraja la ubora.

Hapo ndipo ushauri wa "nunua kidogo, kitaachia" unapomkwamisha mtu. Haukutoka hewani. Viatu vya ngozi tupu, isiyo na bitana ndani, hutanuka kweli. Chukua Mythos ya kampuni ya La Sportiva ya Italia, iliyotoka mwaka 1991: ngozi yake inaweza kuachia namba nzima ikishazoea mguu. Mpandaji aliyeinunua ikiwa imembana alikuwa na hesabu yake. Baada ya wiki kadhaa ngozi ilifuata umbo la mguu wake na maumivu yakaisha. Kiatu cha sintetiki chenye bitana hakina tabia hiyo. Kinavyobana leo dukani ndivyo kitakavyobana mwakani. Ushauri uliachwa na viatu vya zamani, ukahamia kwa viatu vipya ambavyo hauvihusu, na vidole vya shemeji ndivyo vilivyolipa.

Jumamosi ikafika. Nikampa shemeji mkanda wa usalama, nikamfunga kamba, nikamchagulia njia rahisi kwenye ukuta ulio wima, yenye vikanyagio vikubwa. Viatu vya kukodi akavikataa. Kutoka benchi hadi ukutani alitembea kwa visigino, mikono ameitanua, uso umekaza.

Akapanda vishikio vichache, na mimi nikawa natazama miguu tu. Mtu ambaye kiatu kinamuuma utamtambua kwa namna anavyokanyaga. Anayestahili kusimama kwa ncha, upande wa kidole gumba, husogeza mguu ndani mpaka anakanyagia unyayo wa katikati, kwa sababu ncha inamchoma. Akishakanyaga hivyo hawezi kugeuza kiuno wala kunyanyuka kwa vidole, hivyo anajivuta kwa mikono. Shemeji alifanya yote hayo kwa mpangilio huo huo. Kabla hajafika nusu ya ukuta mikono ilimvimba, vidole vya mkono vikaanza kufunguka vyenyewe, akapiga kelele nimshushe.

"Mikono yangu haina nguvu, shem," akasema akihema chini. Mikono ile inabeba magunia ya pamba. Tatizo lilikuwa miguuni: alikuwa anaionea huruma, na uzito wote wa mwili ukahamia mabegani. Huo ndio ubaya wa kiatu kinachouma kwa anayeanza, hata kabla hatujafika kwenye kucha zilizovilia damu na kidole gumba kinachozidi kulala upande mwaka hadi mwaka. Mtu anajifunza kupanda bila miguu, kisha anarudi nyumbani akiamini mchezo huu ni wa wenye misuli.

Na kule kupinda? Nikampeleka kwenye ukuta wa nyuma, ule unaokuinamia kichwani. Pale miguu inataka kuning'inia hewani, na ncha iliyopinda inanasa kikanyagio na kuvuta kiuno kuelekea ukutani. Ndiyo kazi yake, na anayeifanya anahitaji vidole vyenye nguvu ya kubana, ambayo haipatikani wiki ya kwanza. Kwenye ukuta wima au uliolala kidogo mambo yanageuka. Pale unataka kushusha kisigino ili mpira mwingi iwezekanavyo ugusane na ukuta, lakini kiatu kilichopinda kinang'ang'ania kupinda, na kinachogusa ni ncha tu. Anayeanza huanzia kuta hizo, kwa hiyo kiatu chake ni kile bapa, chenye soli nene kidogo, milimita nne au tano. Soli hiyo itastahimili miezi ya kuburuta miguu, na sisi wote tulianza kwa kuburuta miguu.

Mjomba muda wote huo alikuwa amekaa akinywa chai. "Na mimi nijaribu," akasema. Sikujua nicheke au nikatae, lakini mtu uliyemwamkia shikamoo tangu utoto humkatalii hadharani. Akataja namba yake bila aibu, 42, nikampa viatu bapa vya kukodi, na soksi zake akabaki nazo. Akafungwa kamba, akapanda taratibu akitafuta pa kukanyaga kabla ya pa kushika, kama alivyokuwa akifanya majabalini Butiama. Juu kabisa akasimama kwa miguu yote miwili, akaachia mkono mmoja na kutupungia. Shemeji akatazama ukuta wa pembeni.

Baada ya hapo kazi yangu ikawa rahisi. Nikamkalisha shemeji, nikamletea 43, akavaa bila soksi. Vidole vilifika mbele vikiwa vimenyooka, lakini kisiginoni niliweza kufinya hewa kwa vidole viwili. Nikamwambia asimame kwenye kikanyagio cha chini kabisa kwa ncha ya mguu mmoja. Kisigino kikachomoka, na mguu ukazunguka ndani ya kiatu huku kiatu kimebaki palepale. Hicho kilikuwa kikubwa. Kiatu cha kupandia kinapaswa kubana kwa sababu hiyo: mguu ukicheza ndani, huwezi kujua ncha yako iko wapi.

Nikampa namba inayofuata kushuka, 42 na nusu. Nikamuuliza maswali ninayomuuliza kila mteja. Vidole vimegusa mbele? Vimegusa. Vimekunjika? Kidogo, lakini vimelala pamoja, hakuna kilichopanda juu ya mwenzake. Kisiginoni kuna hewa? Hakuna. Kano ya nyuma inakatwa na ukingo? Hapana. Pana sehemu moja inayochoma kuliko nyingine? Akafikiri. "Kinanibana kila mahali sawasawa," akasema, kwa sauti ya mtu anayelalamika. Nikamwambia hilo ndilo jibu nililokuwa nalisubiri. Akarudi kwenye kikanyagio kilekile, akasimama kwa ncha nikahesabu mpaka kumi, na mguu haukuzunguka.

Akapanda njia ileile ya asubuhi hadi juu. Hakuipanda kwa madaha, na katikati alilitaja jina la mama yake, lakini alifika na mikono ikiwa bado yake. Aliposhuka alivua viatu kati ya mpando na mpando kama nilivyomwelekeza, na alama nyekundu miguuni zikafutika kabla hajamaliza soda. Zingebaki, au ganzi ingebaki, ningemtafutia kiatu kingine.

Namba haisomeki sawa kwa kila kampuni, kwa hiyo hiyo 42 na nusu haitakusaidia kwingine hata kama mguu wako unalingana na wa shemeji. Yale maswali na kile kikanyagio ndivyo vya kwenda navyo.

Viatu vya mabingwa aliniachia. Viko kabatini, namba 40, sintetiki, vimepinda, havijaachia hata milimita. Kama vinakutosha bila kukuchoma popote, na umeshafika kwenye kuta zinazoinama, njoo dirishani tuelewane bei. Shemeji anataka kurudishiwa nauli.