Mtoto wa Nani Huyu? Majibu kwa Wanaklabu Waliopotea Macondo



Mlinichagua niwe mwenyeji wa vikao kwa sababu sebule yangu ni kubwa. Hakuna aliyenidokeza kwamba nitageuzwa mzee wa ukoo. Tangu tuanze ile riwaya ya Gabriel García Márquez ya mwaka 1967, ya miaka mia ya upweke wa akina Buendía, simu yangu haipumziki. Nimeyakusanya malalamiko yenu, nimewaficha majina kulinda heshima zenu, na majibu ndiyo haya. Asiyemaliza kitabu asome kwa hiari yake, maana sitaficha nani kafa wala nani kazaa na nani.

*Mwenyeji, nimefika katikati. Kila mwanamume anaitwa Aureliano, na asiyeitwa Aureliano anaitwa José Arcadio. Kuna mmoja ana watoto kumi na saba na wote kawapa jina lake! Nifanyeje? — Nimechoka na Majina*

Pole sana. Kosa lako ni kuwafuata wanaume. Ukifanya hivyo ndani ya nyumba ile utapotea, kwa sababu majina ya kiume yanazungushwa makusudi: baba, mwana, mjukuu na kilembwe, wote wamo. Wafuate akina mama. Kila anapozaliwa mtoto, jiulize swali moja tu: nani kambeba tumboni?

Chukua karatasi ya manila, ilaze, uandike wanawake sita kutoka kushoto kwenda kulia. Wa kwanza ni Úrsula Iguarán, mke wa José Arcadio Buendía aliyeanzisha kijiji cha Macondo. Hao ni binamu waliooana, na hofu ya kuzaa mtoto mwenye mkia wa nguruwe inaanzia hapo. Úrsula alimzaa José Arcadio, yule jitu aliyetoroka na watembezi wa maonyesho. Kabla ya kutoroka alikuwa ameshampa mimba Pilar Ternera, mpiga ramli ya karata, naye akamzaa Arcadio. Arcadio alizaa na Santa Sofía de la Piedad watoto watatu: Remedios Mrembo, kisha mapacha. Pacha mmoja, Aureliano Segundo, alimwoa Fernanda del Carpio, wakapata Meme, José Arcadio mwingine, na Amaranta Úrsula. Meme akazaa na kijana fundi wa karakana ya kampuni ya ndizi, Mauricio Babilonia, mtoto anayeitwa, naam, Aureliano. Huyo naye akazaa na Amaranta Úrsula mtoto wa mwisho kabisa. Vizazi saba, mstari mmoja, na hakuna jina la mama lililokuchanganya.

Sasa angalia Kanali Aureliano yuko wapi kwenye mstari huo. Hayupo! Ndiye anayejaza kurasa, ndiye anayepigana vita na kushindwa, lakini mkewe mdogo, Remedios Moscote, alikufa na mapacha tumboni. Wale Aureliano kumi na saba, kila mmoja na mama yake, waliwindwa na kuuawa. Aureliano José, mwanawe kwa Pilar, alipigwa risasi. Kwa kuchora mti, Kanali ni tawi kavu. Mwandikie upande wa juu, umpigie mstari, uendelee.

*Mwenyeji, kuna mtu alisema Arcadio na Aureliano José ni binamu. Mwingine akasema ni ndugu. Tulikaribia kurushiana vikombe. — Mpatanishi*

Wote walisema kweli. Pilar Ternera alizaa na kaka mkubwa, José Arcadio, kisha akazaa na mdogo wake, Kanali. Kwa hiyo hao wawili ni ndugu wa tumbo moja, na wakati huohuo ni watoto wa ndugu wawili wa baba na mama mmoja. Huku kwetu tungewaita ndugu tu, shauri likaisha.

Ila msimwache Pilar haraka, maana ndiye anayeshikilia ukoo mzima. Arcadio alikua pale nyumbani bila kuambiwa mama yake ni nani, na ujana ulipompanda akamtaka Pilar mwenyewe. Pilar hakumwambia ukweli. Alimwahidi kuja usiku, kisha akampelekea msichana mwingine aliyemlipa pesa hamsini, nusu ya akiba ya maisha yake. Msichana huyo ndiye Santa Sofía de la Piedad. Hamsini hizo zisingetoka mfukoni, kusingekuwa na Remedios Mrembo, wala mapacha, wala nusu ya pili ya kitabu. Ukoo unaojivunia jina lake namna ile umepitishwa mikononi mwa wanawake wawili ambao hakuna Buendía aliyewaoa. Mwandishi hasemi hivyo waziwazi popote. Inabidi uchore mti ndipo uone.

Na kama mnatafuta tone la kicheko, Arcadio alipokuwa anakwenda kupigwa risasi aliagiza bintiye aitwe Úrsula. Bibi mwenyewe akakataa: mwenye jina hilo huteseka sana. Mtoto akaitwa Remedios. Ndiyo mara moja tu nilipoona mtu wa ukoo ule akilifikiria jina kabla ya kulitoa.

*Mwenyeji, mimi nadhani mapacha walibadilishana. Je, nifute nianze upya? — Kifutio Kimeisha*

Usifute. Ni kweli kwamba utotoni walivishwa bangili zenye majina na nguo za rangi tofauti, na walizibadilishana kwa mchezo hadi Úrsula akashuku kwamba siku moja walisahau kurudisha. Ushahidi wa tabia unamuunga mkono. Yeye aligundua kwamba akina Aureliano ni wakimya wenye kufikiri, na akina José Arcadio ni watu wa fujo. Lakini Aureliano Segundo ndiye mlaji na mfanya karamu, na José Arcadio Segundo ndiye anayejifungia chumbani na ngozi za Melquíades. Hata Petra Cotes alilala nao wote wawili akidhani ni mwanamume mmoja. Walikufa saa ileile, na marafiki walevi wakachanganya majeneza.

Kwa mti wako, hata hivyo, haibadilishi kitu. Wana baba mmoja na mama mmoja, na aliyemwoa Fernanda ni yule aliyemwoa, aitwe vyovyote. Weka alama ya kuuliza juu ya vichwa vyao.

*Mwenyeji, nimefika mwisho. Ule uhusiano wa Aureliano na Amaranta Úrsula ni nini hasa? Nimetetemeka. — Mama wa Kikao*

Umetetemeka kwa haki. Amaranta Úrsula ni mdogo wake Meme, na Meme ndiye aliyemzaa Aureliano. Kwa hiyo ni mama yake mdogo. Wao hawakujua. Fernanda alificha kwamba mtoto ni wa Meme, akadai aliokotwa ndani ya kikapu kilichoelea. Walipoanza kuogopa kwamba huenda ni ndugu, Aureliano alikwenda kupekua vitabu vya parokia, hakupata kitu, wakaamua kuamini kikapu. Mtoto alizaliwa na mkia. Linganisheni na Aureliano José aliyemtaka Amaranta, dada wa baba yake: huyo alijua wazi ni shangazi, na shangazi alimkatalia.

*Na Rebeca nimweke wapi? — Mwenye Haraka*

Pembeni, karibu na Úrsula, bila mstari. Alikuja na mifupa ya wazazi wake kwenye mfuko na barua ya kudai undugu, lakini Úrsula na mumewe hawakuwakumbuka waliotajwa. Akaolewa na José Arcadio yule jitu, hawakupata mtoto. Leteni manila zenu kikao kijacho, na penseli, si kalamu ya wino.

Mwenyeji wenu