Namna ya Kuiba Wasifu Wako Mwenyewe

Sogea karibu, nikwambie kabla hujaingia kwenye chumba cha usaili. Watakuwa watatu nyuma ya meza, na kila mmoja ana nakala ya wasifu wako mbele yake. Mmoja atasema, "Haya, tueleze kidogo kukuhusu." Karatasi wanayo na kusoma wanajua. Wanachotaka sasa ni kumsikia mtu aliyeyafanya yale yaliyoandikwa.

Hapo ndipo wengi huanza kuisoma ile karatasi kichwani, mstari kwa mstari, mpaka shule ya msingi. Wasaili nao huinama wakafuatisha kwa kalamu, kama mwalimu anayesahihisha imla. Ukiona vichwa vitatu vimeinama, jua unasoma.

Wewe unataka uonekane mtu anayejieleza tu, maneno yanamtoka kama hakujiandaa. Hamu hiyo tunayo sote. Kujiandaa kupo, ila kuna njia ya mkato, na mwezi uliopita nilimpitisha mpwa wangu, kuanzia kwenye baraza yetu hapa Ndia Kuu. Sasa nakupitisha wewe.

Hatua ya 1: Isikilize karatasi yako

Chukua mstari mmoja wa wasifu uusome kwa sauti. Wa mpwa wangu ulikuwa huu: "2019–2021: Karani wa nyaraka, kampuni ya uwakala wa forodha. Majukumu: kupokea, kuhakiki na kuwasilisha nyaraka za mizigo."

Jicho halina taabu nao. Likitaka huruka, likikosa hurudi. Sikio halina ruhusa hiyo, lililopita limepita. Ile "2019–2021" ni alama chache tu kwenye karatasi, lakini mdomoni ni "elfu mbili na kumi na tisa hadi elfu mbili na ishirini na moja": maneno kumi na matatu, na msikilizaji bado hajaambiwa lolote. Sema "miaka miwili". Umeokoa maneno kumi na moja, na hakuna kilichopotea, kwa kuwa tarehe wanazo mezani.

Fanya hivyo kwa kila tarakimu. Tarakimu ni za karatasi; mdomo hutaka muda, kama vile "miaka miwili", "tangu nimalize chuo", "mpaka juzi".

Hatua ya 2: Iba vitu vitatu tu

Usibebe nyumba nzima. Chukua unachofanya sasa, kazi moja ya nyuma inayofanana na hii unayoomba, na sababu ya kuja hapa. Namba ya kitambulisho, dini, shule ya msingi, michezo uipendayo na majina ya wadhamini viache vilale kwenye karatasi.

Mpwa wangu alikuwa anaomba kazi kwa wakala mwingine wa forodha. Tangu aache ile ya kwanza amekuwa akishika hesabu za duka la viungo la mama yake, na duka hilo hakuliandika kabisa. Aliona haya. Nikamwambia, "Mwanangu, hilo ndilo la kuanza nalo." Karatasi yake ilikuwa na shimo baada ya 2021, na wasaili wangeliuliza tu. Ukilijaza wewe mwenyewe katika sentensi za mwanzo, linakuwa habari. Likiulizwa baadaye, linakuwa kosa unalojitetea.

Hatua ya 3: Mrudishe mtu kwenye vitenzi

Huu ndio ufundi wenyewe. Wasifu hauna mtu ndani yake. Kumejaa "kupokea", "kuhakiki", "kuwasilisha", kazi zinazoelea hewani bila mwenyewe. Ukizitamka hivyo utasikika unasoma hata ukifumba macho. Toa "ku-", tia "ni-": "nilikuwa nikipokea karatasi za kontena, nikizilinganisha moja moja."

Kisha tumia zawadi ambayo Kiswahili kimekupa bure: ile "-ka-" ya masimulizi. Tia "-li-" mara moja mwanzoni, halafu iache "-ka-" ivute: "Nilimaliza chuo, nikaingia kwa wakala wa forodha, nikakaa miaka miwili." Msikilizaji akisikia "-ka-" hutega sikio, kwa sababu tangu utotoni ameizoea kwenye hadithi. Msomaji wa karatasi utamjua kwa "-li-" zilizopangwa foleni: "Nilisoma. Nilifanya. Nilihusika."

Angalia sharti lake. "-ka-" huenda mbele tu, nao wasifu huandikwa kinyumenyume, kazi ya karibuni juu na shule chini. Ukifuata mpangilio wa karatasi, "-ka-" itakukatalia, utarudi kwenye foleni ya "-li-". Kwa hiyo vunja mpangilio. Anza na leo kwa "na-", rudi nyuma mara moja tu, halafu nenda mbele mpaka ufike kwenye meza yao.

Maneno ya karatasi nayo yabadili. "Majukumu yangu" sema "kazi yangu ilikuwa". "Nina uwezo wa kufanya kazi kwa umakini" usiseme kabisa. Simulia siku ulipokuwa makini.

Hatua ya 4: Usikariri maneno, kariri njia

Ukikariri maneno, neno moja likipotea na mengine yote yanapotea. Kwa hiyo yatundike mambo yako mahali unapopajua kwa miguu. Hila hii ni kongwe: Sisero wa Roma aliieleza katika kitabu chake juu ya msemaji, 55 kabla ya Kristo. Lakini huna haja ya kwenda Roma. Watazame waongozaji wageni pale Ngome ya Yesu. Hawashiki karatasi. Kuta ndizo zinazowakumbusha: hapa atataja Wareno walioanza kujenga 1593, akipiga hatua chache atataja jela iliyokuwa humo kuanzia 1895 mpaka 1958. Maneno hubadilika kila siku kwa kila mgeni. Njia haibadiliki.

Sisi tulitembea Ndia Kuu. Mdomoni mwa njia, upande wa Ngome, ni salamu na mtaa wake. Kwenye duka la kwanza la viungo, kazi ya sasa. Kwenye mlango wa nakshi, siku alipoingia kwa wakala wa forodha. Chini ya roshani ya mbao, kisa kimoja alichokiona huko. Na kwa muuza kahawa mwenye dele lake, sababu ya kuja, kwa kuwa hapo ndipo mtu husimama na kumpa mwenzake kikombe. Vituo vitano, basi. Faida nyingine: njia haina lugha. Wasaili wakianza kwa Kiingereza wakahamia Kiswahili, vituo ni vilevile.

Hatua ya 5: Acha chambo

Watu hupenda kuuliza swali zuri. Wape nafasi ya kujiona werevu. Kisa chako usikimalize; kifikishe penye ndoana unyamaze.

Mpwa wangu alikuwa na kisa hiki. Hati ya shehena iliandika uzito wa kilo 14,800, orodha ya upakiaji 18,400. Tarakimu mbili zilikuwa zimepishana. Maelezo yakiingia forodha namna hiyo, kontena huweza kukwama bandarini na gharama za kukaa huanza kumhesabia mwenye mali. Yeye aliliona kosa hilo kabla hawajawasilisha, akampigia wakala wa meli ili hati isahihishwe. Namba zile hatukuzitamka kabisa, na mwisho tukaubana. Sikiliza ilivyokaa:

"Asalaam aleikum, habari za asubuhi. Mimi ni mtoto wa Mji wa Kale, hapa Ndia Kuu. Kwa sasa nashika hesabu za duka la mama la viungo, kila jioni nafunga daftari mwenyewe. Kabla ya hapo nilimaliza chuo, nikaingia kwa wakala wa forodha, nikakaa miaka miwili kwenye nyaraka. Kazi yangu ilikuwa kulinganisha karatasi za kontena kabla hazijaenda. Kuna siku uzito wa hati mbili ulipishana, na meli ilikuwa imeshatia nanga. Tangu siku ile nina namna yangu ya kusoma hati. Nimekuja kwenu kwa sababu mizigo yenu ni mingi, na kazi hiyo ndiyo niipendayo."

Hakuna atakayeacha kuuliza, "Namna gani hiyo?" Sasa unajibu swali ulilolichagua wewe. Ukisema kwa utulivu, maelezo hayo hayafiki dakika moja; jipe moja na nusu kama kazi zako ni nyingi, usivuke hapo.

Hatua ya 6: Ukatizwe kabla hujaenda

Usijipime kwa kioo. Jirekodi kwenye simu mara tatu, siku tatu. Zikifanana neno kwa neno, umekariri. Badili kisa au badili kituo cha kuanzia. Zikifanana njia tu na maneno yakatofautiana, uko sawa.

Kisha nenda barazani. Tulimkalisha mpwa wangu mbele ya mzee mmoja wa hapa, nikamwomba amkatize. Mpwa wangu alipofika mlangoni, yaani kazi ya forodha, mzee akadakia, "Ngoja kwanza, wewe ni wa kwa nani?" Mara ya kwanza alimjibu, kisha akarudi mwanzo kabisa, kwenye salamu, kama mtoto aliyepoteza ubeti. Tukacheka, tukarudia. Mara ya tatu alitaja nyumba yao, akatabasamu, akaendelea papo hapo mlangoni alipoachia. Hiyo ndiyo alama ya kufaulu, na hakuna nyingine ninayoiamini.

Mpaka wa wizi

Kuacha neno ni halali. Kuongeza cheo si halali, wala hakuna njia ya kukufichia, kwa kuwa ushahidi uko mikononi mwao. Karatasi ikisema "karani" na mdomo ukasema "msimamizi", vile vichwa vitatu vitainama tena. Cheti chenye alama usizozipenda usikitaje kwa hiari. Ukiulizwa, taja alama kama ilivyo, sentensi moja, kisha urudi kwenye kituo ulichokuwa.

Asubuhi ya usaili, nakala yako iache kwenye bahasha. Pita Ndia Kuu kwa miguu kama una nafasi, au ipite kichwani ukiwa kwenye matatu. Wakisema "tueleze kidogo", usitafute maneno. Simama pale mdomoni mwa njia, toa salamu, uanze kutembea.