Kuku Mmoja, Sauti Tatu

Joti akitaka kuwa bibi kizee anajifunga khanga, anapinda mgongo, na watu wanacheka kabla hajafungua mdomo. Mimi, nilipoombwa kuchekesha kwenye sherehe ya kumuaga bibi harusi kule Ikungi, nilikuwa na suti ya kuazima na koo moja la kutoa watu watatu: mama anayeuza kuku wa kienyeji stendi ya Singida, abiria wa Dar aliye dirishani kwenye basi, na konda mwenye haraka zake.

Mama nikampa sauti yangu ya kawaida, maana ndiye mwenye maneno mengi, na sauti ya kujilazimisha haichelewi kukauka. Abiria nikampa nene, konda nyembamba. Nikajirekodi kwa simu, nikampa shemeji asikilize huku akichambua mchicha, asinitazame usoni.

"Huyo mama mbona anajijibu mwenyewe?" akauliza.

Kumbe wote watatu walikuwa wanakwenda mwendo mmoja. Tena ukisimama mbele za watu koo linakaza, na ile sauti nene inapanda yenyewe bila kukuuliza. Mwendo ndio unaokuokoa. Basi abiria nikamfanya aburute maneno, konda asivute pumzi kabisa. Skripti ikawa hivi:

ABIRIA (↓ polepole): Kuku huyu / ni wa kienyeji kweli?
MAMA (kawaida): Baba, muulize mwenyewe, anajua Kinyaturu. //
KONDA (↑ haraka): Twende twende mzee, na kuku alipe nauli!

Mkwaju mmoja ni kituo kifupi. Miwili, ngoja kicheko kipungue, vinginevyo konda atamezwa na makofi. Mshale unakaa mwanzoni mwa mstari. Ukiuweka mwishoni ni sawa na kumwonyesha dereva kona akiwa ameshaingia mtaroni.

Mpwa wangu, mwenye mwandiko wa kupendeza, akajitolea kuinakili kwa herufi kubwa ili nisihangaike na taa za ukumbini. Mtoto ana bidii huyo. Mabano aliyaona uchafu, akayaondoa. Mishale na mikwaju akaiandika kwa maneno, nisije nikasahau maana yake. Karatasi nilikabidhiwa mlangoni, MC akiwa ameshaita jina langu.

Abiria wangu akaanza, kwa sauti nene ya kupendeza:

"Shuka polepole kuku huyu mkwaju ni wa kienyeji kweli?"

"Wa mkwaju ndiye mtamu!" shangazi mmoja akaitikia kutoka meza ya nyuma.

Ukumbi ukacheka. Nilitaka kunyamaza, lakini ulimi ulikuwa umeshazoea mwendo wa konda, ukatangulia:

"Panda haraka twende twende mzee, na kuku alipe nauli!"

Hapo watu wakapiga meza. Mzee mmoja wa upande wa bwana harusi, aliyekuwa anafuatilia kwa makini sana, akanyoosha mkono kama yuko kwenye mkutano wa kijiji.

"Samahani, mwanangu," akasema. "Huyu abiria anashuka au anapanda?"