Keateka Alikuja Kuulizia Nyumba

Keateka wa ploti yetu hapa Umoja alibisha mlango jana jioni, akavua kofia, akauliza kwa sauti ya msibani kama familia itatoa vitu mwisho wa mwezi huu ama italipa kodi ya mwezi mwingine. Mimi ndiye niliyemfungulia. Alinitazama, akatazama simu yake, akanitazama tena, kisha akasema kwamba kuna mtu anaitaka ile nyumba kwa haraka, kwa hivyo nisimlaumu kwa kuuliza.

Nilikuwa nimehitimu. Hicho ndicho kifo chenyewe. Stashahada ya masomo ya jioni, joho la kukodi, picha kwa mpiga picha wa Buruburu aliyeona rangi ya joho imepauka akanigeuza mweusi na mweupe bila kuniuliza. Chini ya picha niliandika hivi: "Hatimaye 😪🙏🏾🕊️ #mwishowasafari #nimeng'ara". Nilitaka kitu kifupi, chenye staha. Mtaani kuna watu wanaoposti keki ya bathdei na kuiwekea hashtegi nyingi hadi keki haionekani, nami sikutaka kuwa miongoni mwao.

Kabla ya saa tatu usiku, mweka hazina wa chama alikuwa ameshafungua orodha ya michango. Shangazi wa Kayole alikuwa ameanza kulia, naye akishaanza hasimamishwi na habari njema. Lakini aliyenifungua macho ni mjomba wangu wa Dandora, ambaye haoni, na ambaye simu humsomea kila kilicho kwenye skrini. Alipiga simu, na nilipoipokea alinyamaza muda mrefu sana.

"Ni wewe kweli?" akauliza. "Simu imeniambia umelala, mikono imekunjwa, halafu kuna njiwa."

Simu haikumdanganya. Watu wengi hawajui kwamba emoji si picha inayosafiri kutoka simu moja hadi nyingine. Kinachosafiri ni namba, na kila namba ina jina lake rasmi kwenye orodha ya Unicode, ambayo ilizipokea emoji kwa wingi mwaka 2010 kutoka kwa kampuni za simu za Japani. Simu inayopokea ndiyo huchora kwa mkono wake, na simu ya asiyeona humsomea jina lake. Sasa, ile 😪 niliyodhani inadondosha chozi la furaha, jina lake ni uso wenye usingizi. Lile tone la buluu si chozi hata kidogo. Ni povu la pua, maana katuni za Kijapani humwonyesha mtu aliyelala fofofo kwa povu linalotoka puani. Nayo 🙏 ni mikono iliyokunjwa, basi, haijatajiwa sala wala shukrani. Ukiyasoma majina matatu kwa mpangilio niliouweka, umemlaza mtu kwenye jeneza na kumrushia ndege.

Wala hapo sijataja rangi. Tangu mwaka 2015 emoji za mikono na za watu zinaweza kupakwa rangi ya ngozi, na rangi hiyo ni namba ya pili inayofuata ile ya kwanza. Simu mpya huziunganisha. Simu ya zamani isiyojua mpango huo huchora mikono ya manjano, halafu pembeni inaweka kisanduku cha kahawia kama kigae kilichobaki fundi akiondoka. Shangazi alikiona kisanduku. Msiniulize alifikiri ni nini.

Kisha ile hashtegi. Herufi zote ndogo, zimeshikana: #mwishowasafari. Hashtegi haikubali nafasi katikati, kwa hivyo maneno lazima yaungane, na maneno yakiungana bila herufi kubwa kila msomaji huyakata anapotaka. Wenzetu wa mbali wamelipia hili. Mwaka 2012 watu wa Susan Boyle walitangaza sherehe ya albamu yake kwa #susanalbumparty, nami kwa heshima ya wazee wanaosoma sitaeleza dunia iliikata wapi. Mwaka uliofuata, Margaret Thatcher alipofariki, #nowthatchersdead iliwafanya mashabiki wa mwimbaji Cher waanze kuomboleza mtu aliye hai. Ukiandika #MwishoWaSafari, jicho linapata pa kupumua, na simu ya mjomba inatamka maneno matatu badala ya kumeza yote kwa mkupuo mmoja.

Ila herufi kubwa zisingeniokoa. Hashtegi ni mlango, na aliyeingia kabla yako ndiye aliyepanga viti. Nilipoigusa yangu nikakuta mishumaa, mashada na tarehe mbili mbili: ya kuzaliwa na ya kuondoka. Kuigusa kabla ya kuposti huchukua muda mfupi kuliko kuchagua emoji moja. Mtu akikuta waombolezaji, au mtu anayeuza dawa za nguvu, anatafuta mlango mwingine.

Na sasa nifike panaponiuma hasa, #nimeng'ara. Ukiiangalia kwenye skrini utaona rangi ya buluu inaishia #nimeng, na 'ara inabaki nyeusi nje, imefungiwa mlango. Alama ya ritifaa huikata hashtegi, sawa na nafasi, kistari na nukta. Waliotunga kanuni hiyo waliwaza lugha ambamo ritifaa ni kipambo kinachoweza kudondoka bila hasara. Kwetu ng' ni sauti kamili. Ukiiondoa ritifaa unapata nimengara, neno ambalo halijazaliwa. Ng'ombe hana hashtegi. Kung'oa hakuna, kung'ang'ana hakuna, na Mkenya bila kung'ang'ana anaposti nini? Hashtegi ilipendekezwa na Chris Messina kwenye Twitter mwezi Agosti 2007, na tangu siku hiyo sisi tunaambiwa tutafute neno lingine. Tumetafuta maneno mengine mengi mno katika nchi hii, kwenye fomu, kwenye mifumo ya kulipia, kwenye kadi, na daima linaloombwa kusogea ni jina letu.

Nikaposti upya. Picha yenye rangi, joho lililopauka na yote. Sentensi kwanza, kamili, inayosimama hata emoji zikikataa kufunguka: "Nimehitimu stashahada yangu leo, niko hai na nina njaa." Halafu 🎓, moja tu, mwishoni, kwa kuwa katikati ya sentensi simu ya mjomba ingesimama kuisoma na kumpoteza njia. Halafu #NimehitimuUmoja, ambayo nilipoigusa ilikuwa tupu kabisa, mlango wangu mwenyewe. Mjomba alisikiliza akasema sasa ameelewa, isipokuwa mimi na njaa ni habari ya zamani.

Wala si mimi peke yangu. Binamu yangu wa Donholm alitangaza mtoto kwa 🍆, akidhani ni biringanya tu.

Jirani wa ghorofa ya pili alisherehekea Probox yake ya kwanza kwa 😤, na mpaka leo watu wanamuuliza nani kamuudhi.

Halafu kulikuwa na harusi ya kina Wang'ombe kule Komarock. Waliwaomba wageni wote waziposti picha zao chini ya hashtegi moja ili zikusanyike mahali pamoja: #Wang'ombeHarusini. Wageni walitii. Zote zikaenda kwenye #Wang, ambako nusu ya Uchina ina jina hilo. Mama wa bwana harusi bado anaitafuta picha yake akilishwa keki. Nilimsaidia kutafuta jioni nzima, tukapata harusi moja nzuri sana yenye taa nyekundu nyingi, naye akaikagua kwa makini, akasema keki yao ni ndogo.