Karanga Ndani ya Cherehani

Cherehani niliyomnunulia dada yangu ilikuja na karatasi ya maelezo yenye lugha sita, Kiswahili kikiwa mkiani. Siku uzi ulipoanza kumsumbua alinipigia simu, akanisomea sentensi moja polepole, neno kwa neno: "Kama uzi wa juu unavunjika, legeza karanga, ondoa chemchemi ya mvutano na safisha na kitambaa kavu." Kisha akauliza, "Kaka, karanga ziko upande gani?"

Sentensi ya namna hiyo, iliyotafsiriwa na mashine pasipo mtu kuipitia, haifai kuaminiwa nzima wala kutupwa nzima. Ndani yake mna maelekezo ya kweli yaliyovaa nguo za kuazima. Ukiwa na kamusi na nusu saa unaweza kuzivua. Hivi ndivyo tulivyofanya.

Kwanza iandike sentensi upya, kila neno kwenye mstari wake, na vitenzi uvivue viambishi. Ukilitafuta "unavunjika" kwenye herufi U utahangaika bure, maana kamusi huorodhesha mashina. Toa u- ya uzi, toa -na- ya wakati, toa -ik- ya kauli ya kutendeka, utabaki na vunja. Hapo ndipo pa kufungulia.

Sasa anza na neno linalokukera kuliko yote. Letu lilikuwa karanga. Ukiifungua Kamusi ya Kiswahili Sanifu, karanga imo, na watu wengi huishia hapo: neno lipo, basi tafsiri ni sahihi. La hasha. Mashine za kutafsiri mara nyingi hutumia maneno yaliyomo kwenye kamusi. Kosa lao liko katika kuchagua maana. Neno la Kiingereza lina maana tatu, mashine imeokota moja, na kazi yako ni kuzipata zile mbili zilizoachwa.

Kwa hiyo unahitaji kamusi za lugha mbili, tena za pande zote mbili. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilitoa ya Kiingereza kwa Kiswahili mwaka 1996 na ya Kiswahili kwa Kiingereza mwaka 2001, na mimi nazitumia kama mtu anavyotumia daraja, kwenda na kurudi. Nenda na karanga kwenye hii ya pili, upate jina lake la Kiingereza. Mwishoni mwa jina hilo mna neno fupi linalotaja kokwa zote zenye ganda gumu. Lichukue neno hilo fupi, urudi nalo kwenye kamusi ya kwanza, usome maelezo yake yote hadi mwisho bila kuishia kwenye maana ya kwanza. Baada ya njugu na kokwa utakutana na nati. Cherehani ina nati. Mambo yameanza kukaa sawa.

Chemchemi nayo ilipita njia hiyohiyo, tena kwa urahisi zaidi. Kwa Kiingereza neno lile lile hutaja maji yanayobubujika ardhini, majira ya miti kuchipua, tendo la kuruka, na ule waya uliosokotwa unaobonyea na kurudi, yaani springi. Ukishaziona maana zote nne mbele yako, uliza ni ipi inayoweza kukaa karibu na nati. Maneno mawili yenye shaka huthibitishana: nati inaivuta springi, na springi inathibitisha kwamba hukukosea kuhusu nati. Kama kila neno ulilosahihisha linakupeleka kwenye chombo tofauti, rudi nyuma, kuna mahali umebahatisha.

Nije kwenye neno lililonipendeza kuliko yote, kwa sababu limejificha vizuri. "Uzi unavunjika." Hakuna kosa la sarufi hapo: uzi uko katika ngeli ya u-/zi-, na kitenzi kimeanza na u- kama inavyotakiwa. Lakini Kiswahili hakivunji uzi. Sahani huvunjika, fimbo huvunjika, mfupa huvunjika. Uzi na kamba hukatika, nguo huchanika, puto hupasuka. Kiingereza kina kitenzi kimoja kinachobeba nusu ya kazi hizi, nasi tumezigawa kulingana na umbo la kitu na jinsi kinavyoachana. Ili kunasa kosa hili, usiishie kwenye fasili ya vunja. Soma mifano iliyowekwa chini yake, uone ni vitu gani vinavyovunjwa. Kama kitu chako hakifanani na hata kimoja, tafuta kitenzi kingine.

"Kitambaa kavu" ni kosa jepesi. Kamusi huandika -kavu ikiwa na kistari mbele, ishara kwamba kivumishi hicho hupokea kiambishi cha ngeli, na mbele ya jina kitambaa utaona ki-/vi-. Basi ni kitambaa kikavu, kama mti mkavu. Hata hivyo usiihukumu sentensi kwa hili peke yake. Watu wazima waliozaliwa na Kiswahili huteleza hapo kila siku, na maana haiharibiki. "Safisha na kitambaa" inanisumbua zaidi, maana kifaa tunakitaja kwa kwa. Kwa na, msomaji anaweza kudhani kitambaa nacho ni cha kusafishwa.

Pia usimtie hatiani asiye na kosa. Sentensi iliyofuata ilisema, "Inua mguu kabla ya kuvuta kitambaa," na dada alikuwa tayari ameinua wake kutoka kwenye kanyagio. Tulipoangalia mashine tukaona kwamba neno lilikuwa sahihi: kile kichuma kinachokandamiza kitambaa chini ya sindano, mafundi wenyewe hukiita mguu. Neno kukuchekesha si ushahidi kwamba ni baya.

Baada ya yote hayo tukaiandika hivi: "Uzi wa juu ukikatika mara kwa mara, legeza nati, toa springi ya mvutano, kisha uifute kwa kitambaa kikavu." Limebaki mvutano. Kamusi inakubali kwamba vitu huvutana na watu huvutana, lakini haisemi ni sehemu gani ya cherehani hii inayouvuta uzi. Hapo kamusi imefika mwisho wake, na hakuna ukurasa utakaokusaidia. Anayejua ni mwenye kukishika kitu.

Tuliipeleka karatasi kwa fundi wa kibarazani mtaani kwetu, mama anayeshona sare za shule. Aliisoma sentensi yetu mara moja, akagusa kitufe cha kuzungusha kilicho mbele ya mashine. "Ndiyo hii, tensheni. Nati yake unaizungusha kwa vidole, usitie koleo. Nyuma yake kuna springi, halafu visahani viwili uzi unapita katikati. Vumbi la nyuzi hukaa pale kwenye visahani, ndipo pa kufuta." Karatasi haikuwa imevitaja visahani kabisa.

Kisha akaichomoa sindano, akaipitisha kwenye ukucha wa kidole gumba, akamwonyesha dada mkwaruzo iliouacha.

"Ncha imeharibika, mwanangu. Badilisha hii kwanza, hiyo nati usiiguse."